Robo kuku na chipsi: je, sahani hii inaingia kwenye kalori zako za leo?

Menyu ikiandika "Robo kuku na chipsi, kalori 750", hiyo ni namba ya sahani ya kwenye karatasi. Sahani itakayotua mezani kwako imepitia mkono wa mpishi, na pembeni yake kuna mayonezi na soda ambavyo havikuhesabiwa. Tuchukue mfano wa mtu anayekula mchana mjini Moshi, na kiwango chake ni kalori 1,900 kwa siku. Kalori tunazozisema ni zile zinazoandikwa kcal. Ukikuta namba iko kwenye kJ, igawe kwa 4.2.

Hatua ya 1: Pata salio kabla ya kufungua menyu

Asubuhi amekunywa chai ya maziwa yenye sukari na kula chapati moja, tuseme 450. Usiku nyumbani kuna ugali, maharage na mchicha, tuseme 550. Toa zote mbili kwenye 1,900, zinabaki 900 za mchana.

Chakula cha usiku kitoe sasa hivi, ingawa bado hujakila. Ukikiacha nje ya hesabu, saa saba mchana utajiona tajiri wa kalori 1,450 na kila kitu kwenye menyu kitaonekana kinaingia.

Hatua ya 2: Ivunje namba ya menyu

Usiipokee 750 kama ilivyo. Igawe kwa vilivyomo ujue mgahawa unakuahidi chakula kiasi gani. Robo ya kuku wa kisasa, upande wa paja, ukiondoa mifupa inabaki na nyama ya kama gramu 130 pamoja na ngozi. Nyama hiyo ikichomwa ina takriban kalori 230 kwa gramu 100, kwa hiyo kuku peke yake ni kama 300. Zinabaki 450 za chipsi. Chipsi za kukaanga zina karibu kalori 300 kwa gramu 100, maana yake menyu inazungumzia gramu 150 za chipsi. Hilo ni fungu dogo, na hapo ndipo pa kutilia shaka.

Migahawa mingi ya mjini haiandiki kalori kabisa. Basi jenga namba mwenyewe kwa vipimo hivyo hivyo, ila angalia kosa moja linalowapata wengi wanaotumia programu za simu: kuchagua "viazi" badala ya "chipsi". Viazi vibichi vina kama kalori 77 kwa gramu 100. Vikikaangwa, maji yanatoka, mafuta yanaingia, na gramu 100 za chipsi zinakuwa na kalori karibu mara nne ya gramu 100 za viazi vibichi.

Hatua ya 3: Pima chipsi za mahali unapokula

Macho hayapimi chipsi vizuri, kwa sababu zinakaa juu juu na nafasi tupu katikati. Njia ya uhakika ni kufungasha mara moja tu pale unapokula kila wiki, kuzipeleka nyumbani na kuziweka kwenye mizani ya jikoni bila kifungashio. Andika uzito kwenye simu. Kwa mfano wetu mizani imesoma gramu 220, sawa na kalori 660. Menyu ilihesabu 450, kwa hiyo kuna 210 za ziada kabla hujagusa chupa ya mayonezi.

Angalia na zinavyopikwa. Sehemu kubwa ya mafuta huingia kwenye chipsi baada ya kuopolewa, wakati zinapoanza kupoa na kuyanyonya yale yaliyoganda juu yake. Jiko linalozikung'uta vizuri zikiwa moto na kuziacha zichuruzike kwenye chujio linakupa chipsi zenye mafuta pungufu kuliko linalozimwaga moja kwa moja kwenye beseni. Na chipsi nyembamba hubeba mafuta mengi kuliko nene kwa uzito ule ule.

Hatua ya 4: Uliza swali moja, kisha hesabu vya pembeni

Swali ni la kuku: "Dada, kuku mnamchoma tu, au akishaiva mnamrudisha kwenye mafuta?" Sehemu nyingi humbanika mapema, halafu mteja akifika wanamtumbukiza kwenye karai la chipsi apate moto. Akirudishwa kwenye mafuta, ongeza 60 hivi, au toa ngozi uache hesabu ilivyo. Kwenye mfano wetu amechomwa tu.

Vya pembeni sasa. Mayonezi ina kama kalori 95 kwa kijiko cha chakula, na ule mzunguko wa kawaida juu ya chipsi ni vijiko viwili: 190. Soda ya chupa ya ml 350 ni kama 150. Usikisie soda, soma lebo: kalori za ml 100 zidisha kwa 3.5. Kachumbari ya nyanya na kitunguu ni kama 30, lakini ikija na robo ya parachichi inaongezeka 80. Tomato na pilipili ya kusaga hazitakusumbua.

Mafuta yanastahili kukumbukwa kwa kipimo kimoja: kijiko cha chakula ni kalori 120, yawe ya alizeti, ya mawese au ya zeituni. Kwenye mtori au ndizi nyama, tazama bakuli likitulia kidogo. Utando wa mafuta unaoelea juu unaweza kuutoa kwa kijiko na kuuweka kwenye kisosi, na hapo utaona mwenyewe ni vijiko vingapi.

Hatua ya 5: Jumlisha, punguza, acha nafasi ya makosa

Kuku 300, chipsi 660, mayonezi 190, soda 150, kachumbari 30. Jumla 1,330, na salio lilikuwa 900. Haiingii.

Anza kupunguza pale ambapo tumbo halitalalamika. Maji badala ya soda: 1,180. Pilipili na ndimu badala ya mayonezi: 990. Kisha theluthi ya chipsi, kama gramu 70, itenge kabla hujaanza kula: 780. Mwambie mhudumu aifungashe mapema, kwa sababu chipsi "za kubakiza" zikikaa kwenye sahani zitaisha tu mkiwa mnaongea.

Ongeza asilimia 15 kwa ajili ya makosa, inakuwa 897. Imeingia, chupuchupu. Asilimia hiyo ina sababu. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tufts, Marekani, walipima vyakula 269 kutoka migahawa 42. Kwa wastani namba za migahawa zilikaribia ukweli, lakini asilimia 19 ya vyakula vilizidi kilichotangazwa kwa kalori 100 au zaidi. Tena hizo ni namba zilizotangazwa na mgahawa wenyewe. Zako za kukadiria haziwezi kuwa bora kuliko hizo.

Mkiagiza nyama kwa kilo

Hesabu inabadilika. Kilo ya mbuzi hupimwa ikiwa mbichi na mifupa yake. Ikishachomwa na mifupa kubaki kwenye sinia, mmekula karibu nusu kilo. Watu watatu ni kama gramu 170 kila mmoja, na mbuzi asiye na mafuta mengi ana kama kalori 145 kwa gramu 100, yaani 250 hivi kwa mtu. Nyama yenyewe haina tatizo. Bia ya ml 500 inakaribia 215, kwa hiyo mbili zinaipita nyama yote uliyokula.

Anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari asipunguze wanga kwa hesabu hizi bila kuongea na daktari wake. Dozi yake imepangwa kufuatana na anachokula, na chipsi zikiondoka sahani wakati dozi imebaki ile ile, sukari inaweza kushuka kupita kiasi.