Mbio za kilimani: sekunde 8, kisha dakika 3 za kupumzika

Kwa anayekimbia kilomita 10 halafu miguu inakosa kasi ya kumalizia: mara moja au mbili kwa wiki, mwili ukishapata joto, panda mwinuko mkali kwa nguvu zako zote kwa sekunde 8, shuka ukitembea, pumzika mpaka dakika 3 zitimie. Rudia mara 6, basi. Mwendo wa kawaida hubebwa zaidi na nyuzi za misuli za polepole, zinazochoma mafuta na sukari kwa oksijeni. Nyuzi za kasi huitwa kazini hasa nguvu kubwa inapohitajika, na kwa sekunde hizo chache hutegemea akiba ya kreatini fosfati iliyomo ndani ya msuli. Akiba hiyo huchukua dakika kadhaa kujaa tena, kwa hiyo usiibe mapumziko! Ukipumzika sekunde 30 tu, kufikia mpando wa tatu mapaja yanawaka na hatua zinafupika. Umeshahamia kwenye kuvunja sukari bila oksijeni, na hilo ni zoezi jingine kabisa. Weka jiwe pale ulipofika mara ya kwanza. Ukianza kuishia mbali chini yake, funga kazi siku hiyo. Usitarajie nyuzi za polepole zigeuke za kasi, hilo ni gumu sana. Kinachobadilika kwa urahisi ni ndani ya kundi la kasi lenyewe: aina ya 2X huelekea kuwa 2A, ambayo bado ina nguvu lakini inastahimili uchovu zaidi. Kano ya kisigino ikiuma, mlima usubiri.