Kukusanya vyanzo vilivyotawanyika kwenye slaidi

Usinakili vyanzo kutoka kwenye mwonekano wa muhtasari wa PowerPoint. Huonyesha vichwa na maandishi makuu tu, huku maelezo ya picha na vijachini vikiachwa. Hifadhi wasilisho kama PDF, kisha ulifungue kwa Acrobat Reader, ubonyeze Ctrl+Shift+F na utafute “Chanzo”. Utapata orodha nzima; bofya kila tokeo uone ukurasa wake. Kila chanzo kiandikie namba ya slaidi yake, wala usiifute mapema: “WHO 2021” ya slaidi ya 4 na ile ya 17 zaweza kuwa ripoti mbili tofauti, nami niliwahi kuziunganisha kimakosa. Njia hii hushindwa chanzo kikiwa ndani ya grafu iliyobandikwa kama picha. Jaribu kuyachagua maandishi kwa kipanya; yasiposhikika, yaandike kwa mkono.