Ukikwama kwenye neno, tafuta "lakini"

Juzi binti yangu alikuwa anasoma habari ya soko la Mbuyuni, hapa Moshi: "Mwaka jana parachichi zilikuwa adimu, lakini mwaka huu ni maridhawa, yaani kila meza imejaa." Akakwama kwenye "maridhawa". Nikamwambia aanzie kwenye "lakini": linaonyesha kuwa "maridhawa" linapingana na "adimu". Akabahatisha "bei rahisi". Si vibaya, ila upinzani hukuonyesha upande tu, haukupi maana kamili. Kinachomaliza kazi ni "yaani", maana hapo mwandishi anarudia jambo lilelile kwa maneno mepesi. Meza kujaa ni wingi, si bei. Akaweka "tele" mahali pake, akasoma upya, sentensi ikakaa. Kamusi tulifungua baadaye, kuhakikisha tu.