Miezi tisa ya michango haionekani CNSS: namna ya kuitafuta ukiwa Lubumbashi

Nimeshika kazi ya kutengeneza mishahara hapa Lubumbashi kwa miaka mingi, na wanaoniletea karatasi zao wengi hufanya kosa moja: wanaenda kwanza CNSS, yaani Kasa ya taifa inayolipa pensheni, halafu ndipo wanaanza kutafuta buletini za mshahara. Geuza. Anzia nyumbani.

1. Andika miezi yako mwenyewe

Chukua daftari, mstari mmoja kwa kila mwezi tangu siku ya kwanza ya kontra. Mbele ya mwezi andika kama buletini ipo na ni kiasi gani kilikatwa kwa ajili ya CNSS. Sehemu ya mfanyakazi ni 5%, na mwajiri anaongeza 13% zake. Kwa mshahara wa franka 600.000, wewe unakatwa 30.000, mwajiri anatoa 78.000, na Kasa inapaswa kupokea 108.000. Usishtuke ukiona hesabu imefanywa juu ya kiasi kidogo kuliko ulichopokea mkononi: pesa ya nyumba na ya usafiri haihesabiwi humo.

Papa mmoja, fundi wa kuchomelea vyuma kwenye kampuni ndogo inayofanyia kazi migodi, alitumika kuanzia Machi 2019 hadi Februari 2023. Tulihesabu pamoja: miezi 48.

2. Omba hali ya michango

Nenda kwenye biro ya CNSS na kitambulisho, namba yako ya matrikili na sertifika ya kazi kama umeshaacha. Omba ikuonyeshe mwezi kwa mwezi na mwajiri kwa mwajiri. Jumla peke yake haisaidii kitu, kwani haisemi pengo liko wapi.

Ya Papa ilitoka na miezi 39.

3. Linganisha, kisha tafuta sababu ya kila pengo

Hapa usiende haraka. Miezi tisa ile haikuwa na ugonjwa mmoja.

Aprili na Mei 2020 hapakuwa na buletini. Kazi ilisimama, kontra ikasimamishwa bila mshahara. Pasipo mshahara hakuna mchango, kwa hiyo tuliifuta miezi hiyo miwili kwenye madai. Papa hakufurahi, lakini kuiacha ndani kungempa mwajiri sababu ya kuikataa barua nzima.

Oktoba hadi Desemba 2020 buletini zilikuwepo na makato yalikuwepo. Mwajiri naye alitoa uthibitisho wa benki kwamba amelipa. Watu wengi hawajui jambo hili: mwajiri hupeleka vitu viwili, pesa na orodha ya majina ya waliolipiwa. Pesa inaweza kufika bila jina lako kufika. Kwetu mtu ana majina matatu, na karani mpya alikuwa ameyapindua, akaacha na mahali pa matrikili patupu. Pesa ya Papa ilikuwa imeingia Kasa bila mwenyewe.

Juni hadi Septemba 2022 ilikuwa mbaya zaidi. Makato yako kwenye buletini, lakini mwajiri hana karatasi ya malipo wala orodha.

4. Sahihisha kila aina kwa njia yake

Pengo la jina ni rahisi. Mwajiri anapeleka orodha iliyosahihishwa ya miezi ile, pamoja na uthibitisho wa malipo na fotokopi ya kitambulisho. Ukigundua kwamba una matrikili mbili, omba kwa barua ziunganishwe, la sivyo miezi itaendelea kugawanyika.

Pengo la pesa linahitaji barua kwa mwajiri, ikitaja kila mwezi na kiasi kilichokatwa. Toa fotokopi mbili, na moja irudi kwako na muhuri wa kupokelewa na tarehe. Mwajiri akinyamaza, peleka barua hiyo na buletini kwa CNSS na uombe wakaguzi wake waangalie vitabu vya kampuni. Inspeksheni ya Kazi pia inapokea malalamiko ya namna hii. Deni ni la mwajiri: yeye ndiye aliyekata, na yeye ndiye anayedaiwa na Kasa. Mtu akikuambia ulipe mwenyewe ile miezi "ili faili iende", kataa.

Buletini usiziache ofisini. Toa fotokopi, na za asili zirudi nyumbani. Zikipotea, sertifika ya kazi inaonyesha kwamba ulitumika, ila haionyeshi kwamba ulikatwa.

5. Rudi ukaangalie

Baada ya sahihisho omba hali mpya ya michango, usitosheke na neno la mdomo. Ya Papa sasa inasoma 42. Minne iliyobaki iko mikononi mwa wakaguzi, na fotokopi yenye muhuri ameiweka pamoja na kadi yake ya mpiga kura.