EV, yani enterprise value, hatua kwa hatua: kampuni ya "bei rahisi" iliyobeba madeni

Juzi binamu yangu kanitumia Excel yake, kalinganisha viwanda viwili vya saruji anataka kununua hisa. Nimebadilisha majina na kusawazisha namba, tuviite A na B, zote ni bilioni za shilingi. Kila kimoja kina hisa milioni 100 kwa bei ya 1,000, kwa hiyo thamani ya soko ni 100 na 100. A kinatengeneza 20 kwa mwaka kabla ya riba, kodi na uchakavu (hiyo ndo EBITDA), B kinatengeneza 30. Yeye kagawanya tu: A mara 5, B mara 3.3. "Kaka, B ni bure kabisa!"

Si bure. Ukinunua bajaji kwa milioni 4 halafu benki bado inaidai milioni 5 na deni linahamia kwako, bajaji imekugharimu 9. Ukikuta laki 2 ndani ya kiboksi, toa. EV ni hivyo hivyo, ni bei ya biashara nzima, sio fungu la wenye hisa peke yake.

```
EV = thamani ya soko + madeni yenye riba
     + sehemu ya wanahisa wachache - fedha taslimu
```

Hatua ya 1. Bei ya hisa ya leo mara idadi ya hisa zote. Basi.

Hatua ya 2: madeni. Hapa ndo nilipoteza jumapili nzima mwaka niliyoanza, na binamu kaanguka shimo lile lile. Alifungua mizania ya B akaona "mikopo ya muda mrefu 70", akaichukua, akafunga. Kumbe deni linakaa vipande vipande. Chini kwenye madeni ya muda mfupi kulikuwa na sehemu ya mkopo inayolipwa mwaka huu, 15, halafu ovadrafti 25 kwenye mstari wake peke yake, halafu madeni ya upangishaji 10. Jumla 120, sio 70. A hakina deni.

Hayo ya upangishaji watu wengi wanayaruka. Tangu 2019, kwa kanuni ya uhasibu ya IFRS 16, mikataba mingi ya kupanga majengo na mitambo inaingia kwenye mizania kama deni, na kodi ya pango haikatwi tena juu ya EBITDA, inageuka uchakavu na riba huko chini. Sasa ukitumia EBITDA ambayo haijakatwa pango halafu deni la pango hujaliweka, umeipendelea kampuni mara mbili. Madeni ya wauzaji wa makaa na mifuko usiyaweke, hayana riba, ni mzunguko wa kawaida wa biashara.

Utajuaje umesahau kitu? Chukua riba waliyolipa mwaka mzima ugawe kwa deni ulilopata. B kililipa 14.4. Kwa deni la 70 hiyo ni asilimia 20 na zaidi kidogo, wakati maelezo ya mikopo yao yanasema asilimia 12 hivi, hapo ujue kuna deni hujaliona. Kwa 120 inatoka 12 kamili. Ila kama wamekopa au kulipa sana mwishoni mwa mwaka kipimo hiki kitakudanganya, tumia wastani wa mwanzo na mwisho.

Na tafadhali usichukue EV iliyopikwa tayari kwenye mitandao, kwa masoko yetu madogo nimeshakuta deni la miaka miwili nyuma limechanganywa na bei ya leo. Fungua ripoti ya mwaka, nenda kwenye maelezo ya mikopo, andika mwenyewe.

Hatua ya 3. Ongeza sehemu ya wanahisa wachache, yani wenzao wanaomiliki kipande cha kampuni tanzu, kama ipo. Safaricom kwa mfano haimiliki biashara ya Ethiopia yote, lakini kwenye hesabu za kundi matokeo ya Ethiopia yanaingia yote, kwa hiyo na kwenye EV lazima iwepo thamani ya wale wenzao. Viwanda vyetu hivi havina.

Hatua ya 4. Toa fedha taslimu. A kina 20, B kina 5. Fedha iliyofungwa kama dhamana benki mimi siitoi.

Hatua ya 5. Gawanya. A: 100 + 0 − 20 = 80, kwa 20 ni mara 4. B: 100 + 120 − 5 = 215, kwa 30 ni mara 7.2. Imegeuka! Kwa lile deni la 70 la binamu ingetoka mara 5.5 tu.

Kosa la mwanzo lilikuwa hili: ile 30 ni ya kabla ya riba, yani benki bado hawajachukua chao, ni ya wakopeshaji na wenye hisa kwa pamoja, halafu unaigawia thamani ya wenye hisa peke yao. Ukitaka kutumia thamani ya soko tumia faida ya mwisho, iliyobaki baada ya riba na kodi. Lakini hata hapo faida ya B imeshabanwa na mkopo, huoni kiwanda chenyewe kinafanyaje. Ndo maana wachambuzi madeni yakitofautiana hivi wanakimbilia EV.

Akaniuliza afanye hivyo hivyo kwa CRDB na NMB. Hapana, benki deni ndo malighafi yake, amana za wateja utaziweka wapi? Huko tumia thamani ya soko kwa mtaji wa kwenye vitabu.