Damu kwenye kinyesi cha mtoto anayenyonya: jaribio la kuacha maziwa

Mtoto akitoa kinyesi chenye ute na nyuzi za damu, mwonyeshe daktari kwanza. Huenda ni mzio wa maziwa ya ng'ombe anayotumia mama. Endelea kunyonyesha, ila kwa wiki 2 hadi 4 acha kabisa chai ya maziwa, mtindi, siagi na jibini, na usome lebo za biskuti. Maziwa ya mbuzi hayafai, protini zake zinafanana mno. Dagaa wanaoliwa na mifupa yake watakupa kalsiamu.

Mtoto akipata nafuu, rudia maziwa kwa wiki 1. Dalili zikirudi, ni mzio. Zisiporudi, kula kama kawaida. Wengi huruka hatua hii, wakajinyima bure. Aliyewahi kuvimba uso au kupumua kwa shida asijaribiwe nyumbani.