Dakika ya kwanza ya kuwasilisha makala kwenye kongamano: maneno 100, si zaidi

Mwongozo huu ni wa wasilisho la dakika 15 na dakika 5 za maswali, ule mpangilio wa kawaida. Kwa mwendo wa kutulia, dakika moja inabeba maneno 90 hadi 110 ya Kiswahili. Ukiandika 150, utakimbia.

Hatua ya 1: Muulize mwenyekiti wa kikao atasoma nini. Mfuate kabla kikao hakijaanza. Kwa kawaida husoma jina lako, taasisi na anwani ya makala. Akishasoma, wewe usirudie. Slaidi ya kwanza nayo imeyaandika yote hayo, kwa hiyo ukiyasema tena, wasikilizaji watakuwa wameyapata mara tatu na sekunde 20 zimeteketea. Kama hasomi, taja jina na taasisi kwa sentensi moja.

Hatua ya 2: Sema ulifanya nini katika utafiti. Sekunde 10. Vyeo na shahada viache. Watafiti wenza wataje kwa mkupuo mmoja pamoja na mgawanyo wa kazi, ili wakati wa maswali watu wajue wewe unaweza kujibu lipi.

Hatua ya 3: Geuza anwani ya makala iwe swali. Hapa ndipo wengi hukwama, na wengi hawajui kwamba wamekwama. Anwani hutaja mada, na mada haimfanyi mtu asubiri jibu. Tuseme makala yako inaitwa "Athari za Aina ya Chombo na Muda wa Hifadhi kwa Klorini Inayobaki katika Maji ya Kunywa ya Majumbani". Kwa macho inasomeka. Kwa sikio, mtu akifika "inayobaki" ameshasahau "chombo".

Anza na kitu ambacho msikilizaji wa fani jirani anakijua, kisha onyesha palipo na pengo, kisha uliza. Hivi:

"Maji yakishatiwa klorini, kinachoyalinda nyumbani ni kile kiasi kidogo kinachobaki ndani yake. Kikishuka chini ya miligramu 0.2 kwa lita, uchafu ukiingia na kikombe hauna wa kuuzuia. Watu huelekezwa namna ya kutia dawa, lakini ni nadra kuambiwa ulinzi huo unadumu kwa muda gani. Tuliuliza: je, chombo chenyewe hubadilisha muda huo?"

Namba ni moja tu, nayo ipo kwa sababu swali linaitegemea. Ukiongeza idadi ya kaya, kemikali za kupimia na jina la jaribio la kitakwimu, swali litazama. Hayo yana slaidi zake.

Kujua kama umefaulu, msomee mtu asiye wa fani yako, mara moja tu, kisha mwambie akueleze ulichouliza. Akijibu "ni kuhusu klorini kwenye maji", umempa mada, kaandike upya. Akijibu "mnataka kujua kama ndoo inaleta tofauti", imekaa. Usimpe karatasi asome. Akisoma, jaribio halina maana.

Tahadhari moja: sentensi ya kwanza kabisa humezwa na viti vinavyosogezwa na kipaza sauti kinachorekebishwa. Kwa hiyo swali lisiwe la kwanza. Salamu na ile sentensi ya hatua ya 2 ndizo za kutoa kafara.

Hatua ya 4: Toa jibu papo hapo. Kuna wanaolificha hadi slaidi ya mwisho. Sioni faida yake, maana msikilizaji asiyejua unaelekea wapi hawezi kupima kama mbinu zako zinatosha. Kwa mfano wetu (matokeo ni ya kubuni): "Ndiyo. Ndoo zilizo wazi zilishuka chini ya kiwango hicho kabla ya siku kwisha. Zilizofunikwa zilifika siku ya pili." Kama matokeo yana mpaka, utaje hapohapo: "kwa maji yasiyo na tope". Usipoutaja, swali la kwanza utakaloulizwa ni hilo.

Hatua ya 5: Vuka. "Nianze na jinsi tulivyopima." Slaidi ya yaliyomo itupe, katika dakika 15 hakuna anayepotea njia.

Hatua ya 6: Fanya mazoezi kwa saa. Andika dakika hii neno kwa neno, lakini ukariri sentensi mbili tu: ile ya kuanzia na lile swali. Ukikariri zote, ukisahau moja zote zinaanguka. Simama, sema kwa sauti, jirekodi kwa simu. Ukivuka sekunde 70, usiongeze kasi. Kata maneno, na anza na "kama mnavyoona", "kwa kweli" na kuomba radhi kwa muda kuwa mfupi.